Ukiweka -ni, angalia na kirejeshi: kwa nini sio "nyumbani niliyozaliwa"

Nahariri maandishi ya Kiswahili, na sentensi inayonirudia sana mezani ni kama hii: "nyumbani niliyozaliwa." Aliyeandika anajua kabisa nyumba iko ngeli ya I-ZI ndo maana kaweka kirejeshi yo, yaani kile kipande ndani ya kitenzi kinachoirejea nyumba, ila ile -ni aliyoibandika mwishoni imeshalihamisha neno. Nyumba ni kitu, nyumbani ni mahali, na mahali pana ngeli zake, pa, ku na mu. Ndo maana tunasema nyumbani kwangu wala hatusemi nyumbani yangu. Kwa hiyo ni nyumba niliyozaliwa (jengo lile) au nyumbani nilikozaliwa (kule).

Kirejeshi chenyewe kinaundwa kirahisi tu, unachukua kiambishi cha ngeli unaongeza o: ki na o ni cho, li na o ni lo, pa na o ni po, ku na o ni ko, mu na o ni mo. Anayetoka nje ya utaratibu ni mtu au mnyama akiwa mmoja, yeye anachukua ye: mtoto aliyelia, paka aliyekimbia. Wakiwa wengi wanarudi kwenye o, watoto waliolia.

Sasa angalia friji. "Friji niliyonunua inanuka", yaani friji yenyewe. "Frijini nilimoweka maziwa mnanuka", yaani mle ndani, friji yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Ukiivunja nilimoweka unapata ni (mimi), li (wakati uliopita), mo (mle ndani), weka. Ona pia mnanuka imeanza na m, kitenzi cha mwisho nacho kimefuata mahali. Ukisoma "frijini nilimoweka maziwa inanuka" ujue mwandishi kahama ngeli katikati ya safari.

Po na ko ndo zinachanganya zaidi. "Sokoni nilipomwona" ni pale pale hasa, naweza kukuonyesha kwa kidole, "sokoni nilikomwona" ni huko huko sokoni, eneo kwa ujumla. Halafu po inabeba na wakati: "nilipomwona sokoni, alikuwa analia" maana yake ule muda nilipomwona. Mara nyingi mpangilio ndo unakusaidia, mahali pakitangulia po inarejea mahali, kitenzi kikianza bila mahali mbele yake mara nyingi ni wakati.

Majina ya miji hayapokei -ni lakini kirejeshi cha mahali kinabaki, Tanga nilikozaliwa. Watu nao hatuwabandiki -ni, tunasema kwa fundi.

Na kirejeshi hakiingii kila wakati. Kinakaa vizuri na li na na (aliyekuja, anayekuja), kwa ta inabidi iwe taka, atakayekuja, kwa me hakiingii kabisa, hapo unatumia amba: mtu ambaye amekuja, mahali ambapo amefika.