Kwa nini daftari linaonekana la hasara na kadi ya harusi ya faida?

"Tunachapa madaftari kwa maelfu, mahesabu yanasema hayatulipi. Kadi za harusi tunachapa mia mia, yanasema zinatulipa. Inakuwaje?"

Karatasi na wino havina ugomvi. Vinaonekana vimeingia kwenye kazi ipi. Tatizo liko kwenye gharama zisizo za moja kwa moja: mshahara wa fundi anayeandaa mashine, karani wa oda, umeme, uchakavu. Mhasibu huzirundika pamoja, kisha huzigawa kwa kipimo kimoja, mara nyingi saa za mashine. Kazi inayokaa mashineni muda mrefu ndiyo hubeba mzigo mkubwa, hata kama si yenyewe iliyouleta.

Tuchukue kiwanda cha kufikirika. Kwa mwezi kinachapa madaftari 30,000 kwa saa 180 za mashine, na kadi 4,000 kwa saa 20. Gharama hizo zote ni shilingi milioni 12. Ukigawa kwa saa 200, kila saa inabeba 60,000. Madaftari yanapewa milioni 10.8, yaani shilingi 360 kwa daftari. Kadi zinapewa milioni 1.2, yaani shilingi 300 kwa kadi.

Sasa nenda ukasimame karibu na mashine. Kila kazi mpya ikiingia, fundi anasafisha rola, anabadilisha pleti, anapima rangi na kuharibu karatasi kadhaa za majaribio. Usumbufu huo ni uleule, zitoke kadi 100 au madaftari 7,000. Na mwenye harusi atampigia karani simu mara tano kuhusu jina la mjomba lililokosewa.

Njia ya kugawa gharama kwa shughuli huanzia hapo. Kwanza unauliza fedha zimetumika kufanya kazi gani, kisha kila shughuli inatafutiwa kichochezi chake, yaani kile ambacho kikiongezeka, shughuli nayo inaongezeka. Ukiwahoji wafanyakazi, tuseme unakuta kuandaa mashine kumekula milioni 6, kushughulikia oda milioni 3, na kuendesha mashine milioni 3.

Mwezi huo mashine iliandaliwa mara 40: mara 4 kwa madaftari, mara 36 kwa kadi. Kila maandalizi ni 150,000. Oda zilikuwa 50, za madaftari 10 na za kadi 40 (chache zilichapwa pamoja), kila moja 60,000. Saa ya mashine sasa inabaki na 15,000 tu. Ukijumlisha, madaftari yanabeba milioni 3.9 na kadi milioni 8.1. Daftari limeshuka kutoka shilingi 360 hadi 130. Kadi imepanda kutoka 300 hadi 2,025. Jumla bado ni milioni 12, hakuna shilingi iliyoongezeka.

Haya yaliwahi kutokea kweli. Katikati ya miaka ya 1980, kiwanda cha vipuri cha John Deere, kampuni ya matrekta ya Marekani, huko Waterloo, Iowa, kililazimika kushindania zabuni za vipuri vya kampuni yake yenyewe. Kilijikuta kikishinda zaidi vile vya idadi ndogo na kupoteza vya idadi kubwa, ambavyo ndivyo mashine zake zilivifaa. Robert Kaplan wa Harvard aliandika kukihusu, na yeye pamoja na mwenzake Robin Cooper wakaisambaza njia hii.

Usikimbilie kufuta kadi, lakini. Ukiziacha leo, milioni 8.1 haziji mfukoni kesho, maana fundi na karani bado wanalipwa. Zitarudi pale tu utakapowapa kazi nyingine au kupunguza nafasi zao.

Kosa ninaloliona baya zaidi, na hata hesabu yetu ya juu imelifanya, ni kugawa kwa maandalizi yaliyofanyika badala ya yanayowezekana. Kama mafundi wangeweza kuandaa mashine mara 50, gawa milioni 6 kwa 50: kila maandalizi ni 120,000, na milioni 1.2 inayobaki ni gharama ya kukaa bure. Iandike peke yake. Ukiisukumia kwenye kazi zilizopo, mwezi wenye oda chache utakuonyesha kila kazi imepanda gharama, utapandisha bei, na oda zitapungua tena.

Hata ile 2,025 isikuteke, ni wastani tu. Kwa hesabu ileile ya juu, maandalizi na oda kwa pamoja ni 210,000, mteja achukue kadi ngapi vile. Bila kuhesabu muda wa mashine, anayetaka 100 anagharimu 2,100 kwa kadi, na anayetaka 500 anagharimu 420. Kwa hiyo ningetoza maandalizi kando kwenye ankara, halafu bei ndogo kwa kila kadi. Wa kadi 100 atalalamika. Wa 500 hutampoteza.