Mgomo wa siku nne haukuzaa sifuri za 2012

Kijiweni Majengo, hapa Dodoma, kuna neno halifi: "Kidato cha nne 2012 walianguka kwa sababu walimu waligoma." Nimelisikia hata kwa walimu wenzangu.

Mgomo ulikuwepo kweli. Chama cha Walimu kiliutangaza kuanzia Jumatatu, Julai 30, 2012, kikidai pamoja na mengine nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho za kufundishia. Agosti 2, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha kwa kuwa si halali. Hesabu vidole: siku nne, tena si kila shule ilifunga. Mwaka wa masomo una siku 194.

Matokeo yalipotoka Februari 2013, waliofaulu walikuwa kama theluthi moja tu, ilhali mwaka wa nyuma walizidi nusu. Serikali ikaunda tume, na utaratibu wa kupanga madaraja ukaonekana kuwa sehemu ya tatizo. Madaraja yakapangwa upya, ufaulu ukapanda hadi asilimia 43 hivi, bila mtahiniwa hata mmoja kurudia karatasi. Kupanda huko hakuna mgomo ndani yake. Na hata hiyo 43 bado ilikuwa chini ya 2011, kwa hiyo madaraja nayo hayamalizi maelezo.

Dhana ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi: kwamba walimu wakiwa shuleni, masomo yanaendelea. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2010 katika shule zetu za msingi ulikuta ratiba inampa mtoto saa 5 na dakika 12 kwa siku, lakini anayofundishwa kweli ni saa 2 na dakika 4. Walimu wengine hawakuwepo shuleni, na wengi zaidi walikuwepo ila si darasani: ofisini, au chini ya mwembe wakisahihisha madaftari.

Sasa piga hesabu. Mgomo wa siku nne unafuta saa 21 hivi za ratiba. Siku ya kawaida, isiyo na mgomo wala tangazo redioni, inafuta saa 3 na dakika 8. Siku saba za namna hiyo zinaupita mgomo mzima. Hapo ndipo malipo yanapoingia kwa mlango wa nyuma: mwalimu wa kijijini Chamwino anayekuja mjini kufuatilia malimbikizo yake hajagoma, lakini vipindi vyake vya siku hiyo vimekwenda. Mgomo baridi nao hautangazwi. Mwalimu anasaini daftari la mahudhurio, anaandika ubaoni, anatoka.

Wapo wanaodai kwamba basi mgomo haudhuru kitu. Nao wamekosea. Huko Ajentina, watafiti waliwafuatilia watu ambao utotoni, katika miaka yote ya shule ya msingi, migomo iliwanyima jumla ya siku 88 hivi. Ukubwani walikutwa na kipato kidogo kuliko wenzao, wanaume kwa asilimia 3 hivi. Siku 88 ni karibu nusu mwaka wetu wa masomo.

Ukitaka kujua shule ya mwanao iko wapi, liache daftari la mahudhurio la walimu. Fungua daftari lake la hisabati, uhesabu tarehe zilizoandikwa mwezi huu.