Ukaguzi wa ununuzi wa dharura: mkaguzi hutazama nini?

Ununuzi wa dharura ni ule ambao taasisi ya umma huruhusiwa kuufanya bila kutangaza zabuni ya wazi, kwa kuwa maafa yamekwisha kutokea au yanakaribia, na kungoja kungegharimu maisha au mali. Mkaguzi wake haanzi kwa kuuliza mbona zabuni haikutangazwa. Huanza na tarehe.

Nchini Kenya, kifungu cha 103 cha sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 huruhusu ununuzi wa moja kwa moja wakati wa dharura, mradi hali hiyo haikuweza kutabirika wala haikuletwa na uzembe wa mnunuzi. Sharti hili ndilo lenye meno. Mvua kubwa za vuli za mwaka 2023, kwa mfano, zilitabiriwa kabla hazijanyesha, hivyo kaunti iliyongoja maji yaingie majumbani ndipo itafute mahema ilikuwa na la kueleza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Usiku wa mafuriko, afisa anaagiza kwa simu mahema 400. Mkaguzi atakubali kwamba karatasi zilifuata baadaye, lakini atataka kuona kumbukumbu fupi ya nani aliidhinisha, bei ililinganishwa na ya nani, hata kama ni kwa simu, na kwamba aliyehesabu mahema yalipofika hakuwa yule aliyeyaagiza. Wiki sita baadaye mfanyabiashara yuleyule anapewa oda ya mahema 900 mengine, bila ushindani. Hapo ndipo hoja ya ukaguzi huzaliwa, kwa sababu kufikia wakati huo kuomba bei kwa wauzaji kadhaa kungechukua siku chache tu.

Hati iliyoandikwa baadaye si kosa ikiwa ina tarehe ya siku ilipoandikwa kweli. Kosa ni kuirudisha tarehe nyuma. Dalili yake hupatikana kwenye namba: oda ya tarehe 3 Mei yenye namba inayofuata oda za tarehe 20 Mei haikuandikwa tarehe 3. (Wanaoghushi hukumbuka tarehe na sahihi, wakasahau kitabu cha oda.)

Mwaka 2020, ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya, Nancy Gathungu, kuhusu ununuzi wa vifaa vya korona uliofanywa na mamlaka ya ugavi wa dawa, KEMSA, ulikuta kasoro za bajeti na za taratibu, pamoja na bidhaa za mabilioni ya shilingi zikiwa bado bohari. Ndiyo maana mkaguzi hufungua pia leja ya bohari na kulinganisha siku mzigo ulipopokelewa na siku ulipotolewa kwenda hospitali. Vifaa vilivyonunuliwa kwa siku tatu bila ushindani, kisha vikalala miezi mitano, havikuwa na haraka iliyodaiwa.