Malimau na nini? Mahali swali linapokaa katika Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Masaka aliyekulia katika Kiganda na kusomeshwa kwa Kiingereza, aliniletea rekodi ya sentensi kumi alizozisoma kwa Kiswahili. Nilimsikilizisha mama mmoja wa Jinja ambaye amezungumza Kiswahili tangu utotoni, nikamwomba ajibu kila sentensi kama vile ameambiwa ana kwa ana. Kijana alikuwa ameuliza: «Mama amenunua malimau?» Yule mama akasubiri kidogo, akanitazama, kisha akasema: «Malimau na nini?» Hakusikia swali. Alisikia orodha ambayo haijamalizika, akawa anangoja kitu cha pili.

Kijana alishangaa, kwa sababu alikuwa amefanya kile hasa alichofundishwa, yaani kupandisha sauti mwishoni mwa swali. Kanuni hiyo imeandikwa katika vitabu vingi vya shule, nami naiona kuwa chanzo cha makosa mengi, kwani neno «mwishoni» halitoshi. Katika Kiswahili ni lazima tuulize ni silabi ipi ya mwishoni inayopanda, maana silabi mbili za mwisho zinafanya kazi mbili tofauti.

Kiswahili kimepoteza toni za maneno ambazo jamaa zake wengi wa Kibantu wanazo hadi leo. Mtu anayezungumza Kiganda au Kinyankole hutumia kidatu, yaani kiwango cha juu au cha chini cha sauti, kama sehemu ya umbo la neno lenyewe. Katika Kiswahili neno linatambulika kwa mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kidatu kinabaki huru kuitumikia sentensi nzima: kuonyesha kama msemaji anauliza au anaarifu, wapi kirai kinaishia, na lipi analolitilia nguvu. Kazi hiyo ya kidatu katika sentensi ndiyo tunayoiita kiimbo.

Nilichagua sentensi ya malimau kwa sababu ya herufi zake. Konsonanti kama k, t na s hutamkwa bila nyuzi za sauti kutetemeka, kwa hiyo mkondo wa kidatu hukatika kila zinapotokea, na irabu inayozifuata huanza ikiwa imepandishwa kidogo, jambo ambalo halihusiani na kiimbo hata kidogo. Katika «Mama amenunua malimau» hakuna hata konsonanti moja ya aina hiyo. Sauti inatiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, na neno la mwisho linamalizika kwa irabu mbili zinazofuatana, ma-u, ambamo mtu anaweza kuona waziwazi kidatu kinakwenda wapi.

Nilimrekodi yule mama wa Jinja akiitamka sentensi hiyo kwanza kama taarifa. Sauti yake ilifika hezi 235, yaani mitetemo 235 kwa sekunde, kwenye silabi ya kwanza ya «mama», ikafika 215 kwenye silabi yenye mkazo ya «amenunua», na 195 kwenye «ma» ya mwisho ya «malimau», kisha ikaanguka hadi karibu 160 kwenye «u». Vilele vyake ni kama ngazi inayoteremka: kila neno lina kilele chake kwenye silabi ya mkazo, na kila kilele kiko chini ya kile kilichotangulia. Mteremko huo ni wa kawaida katika taarifa, na msikilizaji huutegemea kujua kwamba msemaji anakaribia kumaliza.

Alipoitamka kama swali, mwanzo haukubadilika sana, ila ule mteremko karibu haukuwepo. Badiliko kubwa lilikuwa kwenye silabi moja tu. Ile «ma» iliyokuwa hezi 195 katika taarifa ilipanda hadi 290, ambayo ni tofauti ya karibu nusutoni 7, yaani hatua saba ndogo za ngazi ya muziki, nayo «u» ikashuka hadi kama 200. Swali lake liliishia kwa kushuka. Kilichomfanya msikilizaji ajue kuwa ni swali ni urefu wa kilele kilicho kwenye silabi ya mkazo ya neno la mwisho, pamoja na kule kutoteremka kwa maneno yaliyotangulia.

Natumia nusutoni ninapolinganisha watu kwa sababu hezi hupotosha. Mwanamume mwenye sauti ya hezi 100 akipanda hadi 150 na mwanamke wa hezi 200 akipanda hadi 300 wamefanya jambo moja kwa masikio yetu, ingawa ukitoa kwa hezi utapata 50 kwa mmoja na 100 kwa mwingine. Sikio hupima uwiano.

Sasa tumrudie kijana. Katika rekodi yake «ma» ilikuwa kwenye hezi 125, na «u» ikapanda hadi 170. Kilele alikipeleka kwenye silabi ya mwisho kabisa, na katika Kiswahili mahali hapo pana kazi nyingine. Msikilize mtu yeyote anayehesabu vitu sokoni Nakasero: «nyanya, vitunguu, malimau, na ndizi». Silabi ya mwisho ya kila neno lisilo la mwisho hupandishwa au hushikiliwa juu, na ni «ndizi» pekee inayoangushwa. Ndivyo ilivyo pia katika kishazi kinachotangulia, kama «Mama alipofika sokoni, alinunua malimau», ambapo silabi «ni» hubaki juu ili kumwambia msikilizaji asikate maneno. Kwa ufupi, kilele kwenye silabi ya mkazo kinachofuatwa na mshuko kinauliza, ilhali mpando unaokaa kwenye silabi ya mwisho unasema «bado naendelea». Yule mama alimwelewa kijana kwa usahihi kabisa, kwa mujibu wa alama alizopewa.

Kwamba swali linaweza kuishia chini haipaswi kutushangaza. Mwaka 2007 mwanaisimu Annie Rialland alichapisha uchunguzi wa lugha nyingi za Afrika na kuonyesha kwamba nyingi kati yake huuliza bila kupandisha mwisho. Baadhi hushusha sauti, nyingine hurefusha irabu ya mwisho au huilegeza kwa pumzi. Kupanda mwishoni si sheria ya wanadamu wote.

Mpaka wa kirai unastahili mfano wake, na ninaoupenda zaidi ni huu: «Hakuja kwa sababu ya mvua.» Maandishi yanabeba maana mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu hakufika, na mvua ndiyo iliyomzuia. Ya pili ni kwamba mtu alifika, lakini si mvua iliyomleta. Labda alikuja kudai deni. Katika maana ya kwanza kuna mpaka baada ya «hakuja»: silabi «ku», yenye mkazo, hurefuka, kisha kidatu huanza upya kutoka juu kidogo kwenye «kwa sababu». Kimya si lazima, na wanafunzi wanaotafuta mpaka kwa kutafuta kimya huukosa mara nyingi. Katika maana ya pili sentensi yote huenda kwa kirai kimoja, kilele kikubwa hukaa kwenye «mvua», na silabi yake ya mwisho haiangushwi hadi chini, kwa sababu msikilizaji anapaswa kungoja sababu ya kweli. Ni alama ileile ya kuendelea tuliyoiona sokoni.

Kuhusu mkazo wa maana nitasema machache, maana hapa Kiswahili hakikitwishi kidatu mzigo mkubwa. Mwingereza anayetaka kusema kwamba ni mama, wala si baba, aliyenunua malimau, hupandisha neno la mama na kuyabana maneno yote yanayofuata yawe karibu bapa. Mswahili ana «Mama ndiye aliyenunua malimau» au «Ni mama aliyenunua malimau», na ndizo watu wanazotumia. Anaweza pia kuipandisha silabi ya kwanza ya «mama» kuliko kawaida, lakini katika rekodi zangu «malimau» huendelea kuwa na kilele chake, hakibanwi. Wanafunzi wanaobana maneno ya nyuma husikika kana kwamba wamechoka katikati ya sentensi. Vivyo hivyo, «je» au neno la kuuliza kama «nini» linapokuwepo, kazi ya kidatu hupungua, na «Mama amenunua nini» inaweza kuteremka mwishoni bila mtu kuitilia shaka kuwa ni swali.

Anayetaka kujipima mwenyewe anaweza kutumia Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kwa sauti ya mwanamke naanza na mistari hii:

```
Read from file: "malimau.wav"
To Pitch: 0, 100, 500
```

Namba 100 na 500 ni mipaka ya chini na ya juu ya hezi zinazotafutwa. Kwa mwanamume naweka 75 na 300. Mipaka hiyo ni muhimu kwa sababu ya kosa moja ambalo huharibu kazi nyingi. Mwishoni mwa taarifa watu wengi hukwaruza sauti, nyuzi hutetemeka bila mpangilio, na programu huhesabu mtetemo mmoja kati ya kila miwili. Kwenye rekodi ya taarifa ya yule mama, nilipoacha mpaka wa chini kwenye 50, «u» ilionekana kwenye hezi 80 badala ya 160. Dalili ya kosa hilo ni kwamba mstari haushuki, bali huruka ghafla, na namba mpya ni nusu kamili ya ile ya zamani. Sauti ya mtu haianguki hivyo. Nikiona mruko wa aina hiyo naukuza mchoro wa mawimbi na kuhesabu mitetemo kwa jicho kabla ya kuamini chochote.

Nitaje na mipaka ya haya yote. Sentensi zilizosomwa ni nadhifu kuliko mazungumzo, wasemaji wangu ni wa Uganda, na urefu wa kilele hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hata kati ya siku na siku. Mahali pa kilele ndipo pamekuwa imara kila niliposikiliza.

Kijana alirudi wiki iliyofuata. Sikumwambia apandishe wala ashushe; nilimwomba aseme «malimau» huku akigonga meza kwenye «ma», kisha aulize akiiruhusu «u» ianguke yenyewe. Katika rekodi mpya «ma» ilikuwa hezi 175 na «u» 120. Nikampelekea yule mama bila kumweleza ni ya nani. Safari hii hakusubiri. «Eeh, mwanangu,» alisema, «amenunua, yako jikoni.»