Jiko la kulipa kidogo kidogo

Utasikia: "Jiko la kulipia kidogo kidogo ni hasara, heri la bati la soko la Kibuye, Kisumu."

Ni kweli bei hupanda. Tuseme jiko linalotumia makaa kidogo ni shilingi 4,000 taslimu. Kwa awamu, unatanguliza 500, kisha 150 kila wiki kwa wiki 28: jumla 4,700. Hizo 700 ndizo gharama ya kusubiriwa, na muuzaji mwaminifu huzitaja bila kuulizwa.

Lakini swali ni makaa. Mama wa mtaa wa Nyalenda anayechoma mikebe miwili ya shilingi 50 kwa siku, akiokoa robo, habaki na 175 kwa wiki? Awamu imejilipa. Akiokoa chini ya shilingi 22 kwa siku, awamu itamlemea.

Kwa hiyo onyesho la muuzaji la kuchemsha maji halitoshi. Maji huchemka hata kwa jiko bovu. Omba majiko mawili, lake na la bati, sufuria sawa, ugali wa unga uleule, na makaa ya gunia moja yapimwe kwa mizani. Ugali ukiiva, zima, pima yaliyobaki. Muuzaji akikataa mizani, mimi ningeondoka.