Mawese yameganda, au yameharibika?

Shikamoo mama. Dumu langu la mawese limeganda chini, juu yamebaki mekundu majimaji. Niyamwage?

Marahaba, mwanangu. Usimwage. Mawese yana mafuta ya namna mbili ndani yake, na moja huganda mapema kukiwa na ubaridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Ujiji hilo ni jambo la kawaida. Weka dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yatachanganyika tena.

Sasa nitayajuaje yaliyoharibika?

Chota kijiko kimoja, mimina kwenye kibakuli cheupe kilichopashwa moto kidogo, kisha nusa. Mawese mazima hunukia chikichi. Yaliyochacha hutoa harufu ya rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango. Onja tone moja tu: ukisikia uchungu, au koo likikwaruza, yameshakwenda. Na tazama upande wa dumu uliokuwa ukipigwa na mwanga. Wekundu ukififia kuwa njano, vitamini nayo inapotea.

Nikiyakaanga na kitunguu harufu inaisha. Si yanafaa?

Kitunguu kinafunika harufu tu, na moto unazidisha uharibifu. Mlo mmoja huenda usikudhuru, pengine tumbo litavurugika. Kinachoniuma ni uji wa mtoto: tunamtilia mawese ili apate vitamini A, kumbe ile rangi nyekundu inayoibeba imekwisha.

Nina lita 20. Niyatunzeje?

Adui wa kwanza ni maji yaliyobaki wakati wa kukamua. Pasha mafuta kwa moto mdogo. Yakitatarika, yana maji. Subiri mlio ukome, epua kabla hayajatoa moshi, yaache yapoe, uyachuje kwa kitambaa kikavu.

Kisha yagawe kwenye chupa safi zilizokauka kabisa, ujaze hadi shingoni. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Dumu kubwa likifunguliwa kila siku, mafuta yanapungua na hewa inachukua nafasi yake, na hewa ndiyo inayoyachachisha. Chupa ndogo unafungua moja, nyingine zinabaki zimefungwa. Ziweke gizani, mbali na jiko. Na usimimine mapya juu ya mabaki ya zamani, maana yaliyochacha huyaharibu mapya upesi. Osha chupa kwa sabuni na maji moto, uikaushe kwanza.

Na karanga alizoniletea shangazi kutoka Tabora?

Ziache na maganda yake, ubangue za kutumia tu. Tikisa ganda: karanga ikigongagonga ndani, imekauka. Zilizosagwa huchacha haraka zaidi, kwa hiyo saga za wiki moja. Ila ukungu ni habari nyingine. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi itupe, usimpe hata kuku, kwani huenda ina sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi.