Maneno kwanza, puto baadaye

Nimemaliza juzi kuandika maneno ya katuni ya kurasa nne, na kuna fremu moja iliyonichukua karibu saa nzima. Nataka kuieleza hiyo moja tu, kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote ninayoulizwa na vijana wanaokuja hapa kwangu Chang'ombe, Dodoma, na michoro mizuri ambayo maneno yake yamebanwa pembeni kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Fremu yenyewe iko hivi. Watoto wawili wamesimama kwenye kisima cha zamani nje ya kijiji, upande wa Kongwa. Ndoo imewaponyoka. Bibi yao ametokea nyuma yao na anauliza: "Mara ngapi nimewakataza kusogelea kisima hiki?" Chini kabisa, gizani, ndoo inagonga maji.

Kosa nililolifanya miaka yangu ya mwanzo, na ambalo bado naliona kila wiki, ni kuchora puto kwanza, ule mviringo unaobeba maneno ya msemaji, kisha kuanza kulijaza. Niliwahi kufanyia jarida moja dogo ukurasa mzima kwa namna hiyo. Kila puto lilianza na herufi kubwa zenye raha, likaishia na herufi zilizokondeana mstari wa mwisho. Msomaji hajui kwa nini, lakini anasikia mtu aliyeanza kwa sauti kubwa akamalizia kwa kunong'ona. Kwa hiyo sasa sichori puto lolote kabla maneno hayajakauka. Puto ni nguo, na nguo hushonwa baada ya kumpima mtu.

Kupima kunaanza na kimo. Nachora kwenye karatasi ya A3, na kazi inachapwa kwa A4, maana yake kila kipimo kinapungua na kubaki kama asilimia 71. Herufi ya milimita 3.5 kwenye karatasi yangu itakuwa milimita 2.5 mkononi mwa msomaji, na hicho ni kimo kinachosomeka bila taabu hata kwenye karatasi ya bei nafuu inayonyonya wino. Kati ya mstari na mstari naacha milimita 2. Tunaandika kwa herufi kubwa tupu, na hizo hazina mikia ya kushuka chini, kwa hiyo nafasi hiyo inatosha. Ukiizidisha, mistari inaachana na sentensi inasomeka kama orodha.

Wenzetu wa nchi nyingine wana kifaa kidogo cha plastiki kiitwacho Ames, chenye gurudumu la matundu ya kupitishia penseli. Mimi natumia kipande cha kadibodi ngumu, upana wa vidole viwili, nilichokitia alama ukingoni: 3.5, 2, 3.5, 2, hadi mistari sita. Nakiweka kushoto mwa eneo la maneno, nahamisha alama kwa penseli ngumu, nafanya hivyo hivyo kulia, kisha naunganisha kwa rula bila kukandamiza. Uzuri wa kadibodi ni kwamba ukurasa wa kwanza na wa arobaini vinapimwa na kitu kilekile. Ukipima upya kwa rula kila mara, nusu milimita hupotea hapa na pale, na ukurasa ukishapunguzwa tofauti hiyo inaonekana wazi.

Herufi zote ziguse mstari wa juu na wa chini, isipokuwa zile za mviringo: O, C, G na S. Hizo zivuke kidogo sana, unene wa nusu ya mchoro wa kalamu, juu na chini. O inayogusa mstari kwa usahihi huonekana fupi kuliko H iliyo jirani yake, kwa sababu inaugusa kwa ncha tu ya mviringo wake.

Sasa maneno. Puto la mviringo linataka mistari mifupi juu na chini, mirefu katikati. Kiingereza kina vijineno vingi vifupi unavyoweza kuvisogeza mpaka umbo likae. Kiswahili kinakupa NIMEWAKATAZA, neno moja la herufi kumi na mbili, na huwezi kulikata. Najua wapo wanaolikata kwa kistari. Mimi sikati kamwe: kiambishi kikibaki mstari wa juu na mzizi ukishuka chini, msomaji analazimika kurudi nyuma ili aelewe nani amemkataza nani.

Nilivyoandika sentensi kwa mpangilio wa skripti ilinipa hivi:

MARA NGAPI
NIMEWAKATAZA
KUSOGELEA
KISIMA HIKI?

Hesabu nafasi, ukihesabu pia za wazi na alama: kumi, kumi na mbili, tisa, kumi na mbili. Kiuno kimebana na chini pamepanuka. Puto la mistari minne lilihitaji kimo cha milimita 32, na lingefunika kitambaa cha kichwa cha bibi, ambacho mchoraji alikipigia maua mmoja mmoja. Kuunganisha KUSOGELEA KISIMA kungeleta mstari mrefu katikati, lakini HIKI angebaki peke yake chini, ametengwa na neno analolionyesha.

Nikampigia mwandishi wa hadithi, mwalimu mstaafu anayejua kila nukta ya skripti yake.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba nigeuze maneno mawili kwenye fremu ya kisima."

"Marahaba. Yanabadilisha maana?"

"Hapana. Nataka 'nimewakataza' litangulie, 'mara ngapi' lifuate."

Akanyamaza, nikamsikia akiitamka sentensi kwa sauti ya bibi. "Sawa. Tena ndivyo bibi mwenyewe angesema."

NIMEWAKATAZA
MARA NGAPI KUSOGELEA
KISIMA HIKI?

Kumi na mbili, ishirini, kumi na mbili. Umbo limekaa lenyewe. Kwa mwandiko wangu kila nafasi inachukua wastani wa milimita 3, kwa hiyo mstari wa kati una kama milimita 60, na mistari mitatu pamoja ina kimo cha milimita 14.5. Puto la upana wa milimita 72 na kimo cha 24 liliyakaa maneno vizuri. Mahali panapobana zaidi ni pembe za mstari wa juu na wa chini, si ncha za mstari wa kati, na hapo ndipo pa kupimia: pembe ikae mbali na ukingo kwa angalau milimita 3, karibu kimo cha herufi moja. Ikikaribia zaidi ya hapo, jicho linaona maneno yanagonga ukuta.

Angalia pia neno HIKI. Karibu kila mchoro wake unaopakana na jirani ni wa wima. Ukizipa herufi zake nafasi ileile unayoipa KATA, zitaonekana kama uzio wa fito. Mistari miwili ya wima ikikabiliana huongezewa nafasi, A ikikutana na T huvutwa karibu. Hakuna rula ya jambo hili. Mimi hugeuza karatasi juu chini ili nisiweze kulisoma neno, nikaangalia mapengo meupe tu kama yanalingana.

Bibi anasisitiza wapi? Nilimsikiliza mwalimu alivyotamka: MARA NGAPI. Maneno hayo nikayanenepesha, kwa unene si kwa kimo. Maneno ya kawaida nayaandika kwa peni ya 0.5, ya mkazo kwa peni ya 0.8, nikihakikisha ukingo wa nje wa mchoro hauvuki mistari ya penseli. Anayerudia juu ya herufi nyembamba bila kuangalia hilo huzirefusha bila kujua, na neno linaonekana limesimama juu ya vidole. Maneno manene hula nafasi zaidi. Hapa yaliongeza kama milimita 3, kwa hiyo nilianza mstari mapema kidogo ili katikati pabaki katikati. Na nanenepesha neno zima daima. Ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi, na nimeona watu wakinenepesha HATU- tu katika HATUENDI. Neno linavunjika vipande viwili, na mdomoni hakuna anayelitamka hivyo.

Mkia wa puto unatoka upande ulio karibu na msemaji, unaelekea mdomoni, na unakoma kama katikati ya safari. Jicho humalizia lenyewe. Mkia unaoelekea bega unampa bega sauti.

Limebaki lile la ndoo. Nashangaa tunavyokimbilia kuandika milio ya Kiingereza wakati Kiswahili kina tanakali sauti kwa kila aina ya kuanguka. Kitu kikianguka mchangani ni pu. Kijiti kikivunjika ni kacha. Kikitumbukia majini ni chubwi. Msomaji akiona CHUBWI anajua kisima kina maji hata kama maji yenyewe hayajachorwa.

CHUBWI ni mlio mfupi, kwa hiyo sikuongeza irabu mwishoni. Nilitaka upande kutoka kisimani, basi nikachora mikunjo miwili ya penseli inayoanza karibu pamoja chini kushoto na kuachana inavyopanda kulia, kama pembe ya ng'ombe. Kila herufi inagusa mikunjo yote miwili, na wima wake unafuata mkunjo, si ukingo wa karatasi. Kwanza nilichora mifupa tu, mstari mmoja kwa kila herufi. W nikaipa upana wa karibu herufi mbili, maana ikibanwa inajaa wino. Kisha nikaivalisha nyama pande zote, na pembe nikazizungusha kwa sababu maji hayana kona. KACHA ningeichonga kona kali na kuipasua ukingo.

Shida ilikuwa I ya mwisho. Ikiwa nene na tupu ndani, halafu ukaiwekea alama ya mshangao, zinaonekana alama mbili za mshangao na msomaji anasoma CHUBW. Nikaipa I vijiti vya juu na chini. Katika Kiingereza I yenye vijiti hutengwa kwa ajili ya neno la "mimi", lakini sisi neno hilo hatuna kwa herufi moja, kwa hiyo kijiti hicho kiko huru. Ndani ya maputo I zangu zote ni kipande kimoja kilichonyooka, na vijiti naviweka kwenye milio tu. Alama ya mshangao nikaiondoa kabisa.

Jambo moja la hapa kwetu. Kiangazi cha Dodoma kikipamba moto, upepo unaleta vumbi laini hadi mezani, na vumbi likikaa juu ya wino mbichi peni inalikokota na kuchana ukingo wa herufi. Nafunga dirisha la upande wa upepo, napangusa karatasi kwa brashi laini kabla ya kila puto, na raba naigusa siku inayofuata, hata kama wino umeonekana mkavu baada ya dakika tano. Peni nazo, natumia moja ileile ukurasa mzima, kwa sababu ncha huchakaa na kupanuka, na peni mpya katikati ya ukurasa huonekana kama mtu mwingine ameingia kuandika.

Baada ya raba nilipeleka ukurasa kwenye duka la fotokopi, nikaomba upunguzwe hadi asilimia 71, nikaushika kwa mkono ulionyooka. KISIMA HIKI ilisomeka. Tundu la A katika MARA lilikuwa limeanza kuziba, kwa hiyo nililifungua kwa nukta ya rangi nyeupe kwenye karatasi ya asili, nikautuma.